Jozi Moja ya Macho: Kufundisha Darasa Lenye Wanafunzi Viziwi

Mwalimu mgeni anapopangiwa darasa lenye wanafunzi viziwi, swali lake la kwanza huwa ni lugha ya alama: nitaijua lini? Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba aanze leo na asiache. Lakini kinachoharibu vipindi vingi zaidi ni jambo jingine, na mwalimu anayejua alama vizuri naye hulifanya. Anataka mwanafunzi atazame vitu viwili kwa wakati mmoja.

Anayesikia huangalia ubao huku akisikiliza, na huandika daftarini huku mwalimu akiendelea kueleza. Kiziwi ana jozi moja ya macho ya kupokea maelezo, kutazama picha, kusoma na kunakili. Akiinamia daftari, mwalimu amenyamaza. Mwalimu akigeukia ubao na kuendelea kuongea, sentensi hizo kwa huyo mtoto hazikusemwa. Mambo mengine yote nitakayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Tuchukue mfano wa darasa la nne lenye wanafunzi 60, kipindi cha Sayansi cha dakika 40, mada ni mzunguko wa maji. Watoto wawili ni viziwi kabisa na hutumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Wa tatu ana usikivu hafifu na huvaa shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti sikioni. Kuna mwalimu wa elimu maalumu anayefanya ukalimani. Mbele kuna jiko la mkaa, birika la maji yanayochemka na kifuniko cha sufuria kilichopoozwa kwenye maji baridi.

Namna ya kawaida ni hii. Mwalimu anashika kifuniko kwa kitambaa kizito, anakiweka juu ya mvuke na kusema: "Angalieni, mvuke unagusa kitu baridi, unapoa, unageuka matone, mnaona?" Darasa zima linaitikia kwamba linaona. Wale wawili walikuwa wakimtazama mkalimani, kwa sababu maelezo yalikuwa kwake. Alipomaliza na wao wakageukia mbele, kifuniko kilikuwa kimeshawekwa chini. Wamepata maneno kuhusu matone, lakini matone yenyewe hawakuyaona. Mtihani ukija na mchoro wa birika, wataonekana hawakusoma.

Namna inayofaa ni kutenganisha. Eleza kwanza kitakachofanyika na nini cha kutazama, birika likiwa pembeni. Subiri mikono ya mkalimani itulie. Onyesha kwa kidole mahali pa kutazama, kisha nyamaza kabisa. Weka kifuniko juu ya mvuke, na baada ya muda mfupi matone yataonekana upande wa chini. Kipitishe watu wakione, hasa wa nyuma. Kiweke chini, urudishe macho yao kwako kwa kupunga mkono, ndipo uulize: maji haya yametoka wapi? Ukimya huo huwatisha walimu wapya, wakadhani darasa litawaponyoka. Kwa kawaida haliponyoki. Hata wanaosikia hutazama vizuri zaidi pasipo sauti ya mwalimu kuingilia wanachokitazama.

Ubao nao una utaratibu wake: andika, geuka, kisha sema. Maneno matatu au manne ya msingi, kama uvukizi, mvuke, wingu na mvua, yawe ubaoni kabla kipindi hakijaanza, na mkalimani awe ameyapata tangu jana. Neno lisilo na alama inayojulikana hulitaja kwa tahajia ya vidole, yaani herufi moja moja kwa mkono, mara ya kwanza, kisha yeye na wanafunzi viziwi hukubaliana alama ya kutumia. Alama hiyo iandikwe mahali ili mwezi ujao isibuniwe nyingine. Asipopewa maneno mapema, atayatafuta katikati ya sentensi yako na kuachwa nyuma.

Hata mkalimani hodari huchelewa sekunde chache, maana hawezi kutafsiri asichokisikia bado. Ndani ya sekunde hizo kuna ubaguzi usiokusudiwa na mtu. Mwalimu anauliza, mikono inaruka, aliye mbele anajibu, na swali ndiyo kwanza linamfikia kiziwi. Baada ya vipindi kadhaa anaacha kunyoosha mkono, na mwalimu anaandika kwamba mtoto huyu hashiriki. Dawa ni kanuni moja kwa darasa zima: hakuna kunyoosha mkono mpaka mwalimu ainue wake, naye hauinui mpaka mkalimani amalize. Anayejibu asimame na aonyeshwe kwa kidole, ili kiziwi ajue nani anaongea. Na unapomuuliza kiziwi, mtazame yeye. Ukisema "mwambie ataje chanzo cha mvua", umeshamfanya mtu wa tatu ndani ya darasa lake mwenyewe.

Ukalimani huchosha mikono na akili. Penye wakalimani wawili hupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Wewe una mmoja, kwa hiyo kazi ya daftari iweke katikati ya kipindi, si yote mwishoni. Wakati huo usitoe maelekezo ya nyongeza. Ukikumbuka jambo, gusa swichi ya taa au piga mguu sakafuni kama ni ya mbao, wote wainue vichwa, kisha useme. Shule isiyo na umeme hupanga mtoto wa jirani amguse mwenzake begani.

Sasa yule wa shimesikio, ambaye ndiye husahaulika, kwa kuwa anaongea na huitika akiitwa. Shimesikio hukuza sauti zote, kelele za wenzake 59 pia, na hufanya kazi vizuri zaidi anayeongea akiwa ndani ya mita moja au mbili. Mpe nafasi safu ya pili upande wa pembeni, sikio lenye nafuu likielekea darasani. Safu ya kwanza katikati, ambako wengi humweka, humlazimu kugeuka nyuma kila mwenzake anapojibu. Nawe usisimame mbele ya dirisha lenye mwanga. Uso wako unakuwa kivuli, na midomo haisomeki.

Kusoma midomo kwenyewe kusipewe sifa kusizostahili. Simama mbele ya kioo useme baba, mama, papa bila sauti: hakuna tofauti. Sauti za k, g na h hutokea ndani na hazionekani. Tena h ni hafifu sana hata kwenye sikio, na Kiswahili kimeipa kazi nzito ya kukanusha. Kati ya "atafika" na "hatafika" kuna h tu. Kwa hiyo maswali ya kweli au si kweli yasiulizwe kwa mdomo pekee, yaandikwe. Usipaze sauti wala kuvuta silabi, maana hilo hupotosha umbo la midomo. Asipopata sentensi, ibadilishe maneno badala ya kuirudia ileile.

Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, pima shimesikio kwa sauti sita: m, u, a, i, sh, s. Simama kama mita mbili, ziba mdomo kwa karatasi iliyoachwa mbali kidogo na midomo, tamka moja moja bila mpangilio, naye arudie au ainue mkono. Sauti hizo zimechaguliwa kwa kuwa zinaanzia besi hadi zile kali kabisa. Kama jana alisikia zote na leo hasikii s na sh, kuna kitu kimebadilika. Kama hasikii hata moja, anza na betri. Betri nyingi za shimesikio huanza kutumika mara kibandiko chake kinapobanduliwa, hata ukizirudisha kabatini, na nyingi hudumu wiki moja hadi mbili. Ukibandua, iache hewani dakika moja hivi kabla ya kuiweka. Betri ikiwa nzima, angalia kama nta imeziba tundu la kile kipande kinachokaa sikioni, au kama kuna matone ya jasho ndani ya mrija. Mluzi usiokoma kwa kawaida humaanisha kipande hakikai sawasawa, mara nyingi kwa sababu mtoto amekua na sikio limepanuka. Hicho hupimwa upya kwa wataalamu; kupunguza sauti ya kifaa ili mluzi ukome ni kumnyima alichokuja kukipata.

Mvua ikipiga paa la bati, shimesikio halina tena msaada, na wewe mwenyewe hujisikii. Kipindi cha masika kiwe na kazi ya maandishi au mchoro iliyoandaliwa tangu asubuhi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia elimu katika ibara ya 24. Ibara hiyo inataka mazingira yarekebishwe kulingana na mahitaji ya mtu, na inataja lugha ya alama pamoja na utambulisho wa kilugha wa viziwi. Maelezo ya kamati yake ya mwaka 2016 yanatenganisha kumweka mtoto kwenye shule ya kawaida ajizoeshe mwenyewe, na kuibadilisha shule ili ashiriki. Kipindi cha birika kinaonyesha tofauti hiyo ilivyo ndogo kwa macho. Darasa ni lilelile, mkalimani yupo, na bado mtoto hakuyaona matone. Ukimya wa mwalimu, maneno ubaoni na kanuni ya kunyoosha mkono ni mabadiliko ya darasa zima, na wote hufaidika. Betri na kiti cha pembeni ni vya mtoto mmoja. Vyote viwili vinahitajika, na kimoja hakifidii kingine.

Kuna jambo ambalo kanuni hizi hazilimalizi. Kiziwi mmoja peke yake kati ya wanaosikia 60 anaweza kufundishwa vizuri na bado akakosa wa kuzungumza naye mapumziko. Shule za viziwi kama ile ya Tabora na ya Buguruni zina kitu ambacho darasa jumuishi linapaswa kukitengeneza kwa makusudi, yaani watu wengi wanaotumia alama. Ndiyo maana kwenye kazi za vikundi wale wawili wakae kundi moja la watu watano, si kutawanywa ili kila kundi lipate wake. Na alama za msingi zifundishwe darasa zima, dakika tano kila asubuhi.

Kwenye kusahihisha, kumbuka kwamba kwa mtoto wa lugha ya alama Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, isiyofuata mpangilio wa lugha yake. Akiandika "maji jua joto juu mvuke kwenda", sayansi yake ni sahihi. Mpe maksi za sayansi, kisha chini yake andika sentensi kamili ainakili.

Na kwenye tathmini ya andalio la somo, "somo limeeleweka" isitoke kwenye kuuliza "mmeelewa?", kwani kiziwi huitikia kwa kichwa kwa kuwaona wenzake wameitikia. Andika viziwi walijibu maswali mangapi, na kama kuna aliyejibu kabla ya anayesikia kujibu. Muombe mmoja wao achore birika, kifuniko na matone, aonyeshe kwa mshale maji yalikopita. Mshale ukianzia kwenye kifuniko kwenda juu, rudia jaribio kesho kwa kundi dogo, wakiwa umbali wa mita moja kutoka kwenye mvuke, na mkalimani akiwa amenyamaza pamoja nawe.