Download 38 lakini naganda kwenye video

"Nimepima spidi: Download 38 kabisa, Upload 0.7, Ping 44, na Ping yenye mshale wa juu 910. Mbona kwenye kikao cha video wananiambia nimeganda? Niko Uyole, natumia ruta ya laini."

Shida ni Upload, hiyo 0.7. Download inakuletea sura zao, ila sura yako inatoka kupitia Upload, na video ya watu wawili inataka kama 1 Mbps muda wote. Ukiambiwa uangalie Ping, yaani muda wa data kwenda na kurudi kwa milisekunde, ni sahihi nusu: ile 44 ni nzuri, lakini imepimwa laini ikiwa imetulia. Tazama Ping yenye mshale wa juu, ile 910, inayopimwa wakati wa kupakia. Maana yake kitu kikianza kupakia, sauti yako inasubiri karibu sekunde nzima. Nafunga ruta za laini hapa Mbeya, na mara nyingi nakuta simu mojawapo ya nyumbani inapakia picha mtandaoni kimyakimya. Zima hiyo, sogeza ruta dirishani upande wa mnara, kisha pima tena ukiwa karibu nayo. Upload ikibaki chini ya 1, zima kamera. Sauti peke yake inatosheka na 0.1. Kama Upload inaanguka jioni tu, mnara umejaa watu, na hapo kusogeza ruta huenda kusisaidie.