CRC: baki linatokaje, na kosa gani linapita?

> "Wakuu, data ni 1101, kigawanyo 1011. Baki linatokaje? Na CRC inakamata makosa yote?"

Mkuu, CRC ni biti za ukaguzi zinazoongezwa mwisho wa data ili mpokeaji agundue makosa ya njiani. Kigawanyo chako ni x³+x+1, digrii 3, kwa hiyo ongeza sifuri tatu mwisho wa data kisha gawanya. Kutoa hapa hakuna kukopa: biti zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1.

```
1101000
1011
 1100
 1011
  1110
  1011
   1010
   1011
    001
```

Baki ni 001, kwa hiyo unatuma 1101001. Mpokeaji anagawanya tena kwa 1011. Akipata 000 anaipokea.

Hapa ndipo wengi wanateleza: CRC haikamati makosa yote. Biti moja ikigeuka, au mbili popote kati ya hizo saba, atajua. Makosa yaliyobanana ndani ya biti tatu mfululizo nayo hayapiti. Lakini kosa lenyewe likigawanyika kwa 1011, halionekani kabisa. Geuza biti ya 4, ya 6 na ya 7: inafika 1100010. Igawanye mwenyewe, baki ni 000, na data imeshakuwa 1100.

Mimi nafunga vihisi vya matangi ya maji huku Tabata, waya ndefu inapita karibu na mota ya pampu. Kwa kazi hiyo biti tatu ni chache mno. Natumia CRC-16, inayokamata mfululizo wowote hadi biti 16.