Maswali na Majibu: Jua Kali Si Joto Kali

Mwalimu, nipe orodha ya maneno yote ya joto na baridi ili nibadilishe-badilishe katika makala yangu ya safari. (Msomaji, Kadutu)

Sitakupa. Swali hili linarudi kila mwezi, na kila mara anayeuliza anadhani kasoro yake ni kurudia neno. Kurudia neno hakuna ubaya kama neno lenyewe ni la kweli. Ubaya ni kuandika "hari" mstari wa kwanza, "fukuto" mstari wa pili na "joto" mstari wa tatu, wakati hewa ni ileile na wewe umeketi palepale. Soma jibu linalofuata, kisha uamue kama bado unataka orodha.

Katika makala yangu ya kutoka Bukavu hadi Uvira nimeandika: "Tulitoka Bukavu kwenye baridi kali, tukafika Kamanyola kwenye joto kali, na Uvira joto lilikuwa kali sana kama tanuri." Rafiki yangu anasema inachosha. Nibadilishe nini? (Msomaji, Ibanda)

Rafiki yako ana haki, lakini hakukwambia kwa nini.

Tuanze na hesabu. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Uvira, pale kando ya ziwa Tanganyika, ni chini kidogo ya mita 800. Kila unaposhuka mita 1,000, hewa huongeza joto kwa digri 6 au 6 na nusu hivi. Kwa hiyo tofauti ya urefu kati ya miji hii miwili inakupa digri 4 au 5 tu. Digri 4 au 5 hazimtoi mtu kwenye baridi kali na kumtia tanurini. Hata hivyo mwili wako haukukudanganya: uliona mabadiliko makubwa. Kazi ya mwandishi ni kujua yalitoka wapi.

Asubuhi ya Bukavu si baridi kali. Ni kibaridi. Unavaa triko, unaivua saa nne, na hakuna aliyewahi kupata ganzi ya vidole kwa kusubiri gari mjini Bukavu. Kibaridi ni neno zuri na la haki. Kwa nini mnalionea haya?

Kisha unapita Nyangezi na kuteremka Ngomo. Hapo ndipo mita zinapoisha haraka, na hapo ndipo makala yako ilipaswa kusimama kidogo, maana abiria wote wanajua wanavyoanza kushusha vioo vya gari kabla hata ya kufika chini. Wewe uliruka kutoka Bukavu mpaka Kamanyola kana kwamba uliletwa na ndege.

Kutoka Kamanyola kupita Luvungi hadi Sange uko katika bonde la Ruzizi. Bonde hili limekaa kati ya milima na hupata mvua kidogo kuliko Bukavu. Ukipita wakati wa kiangazi, joto lake ni kavu. Jasho linatoka lakini hulioni, kwa sababu hewa inalinyonya palepale. Unachoona ni chumvi kwenye shati na midomo iliyopasuka. Hapo andika "joto kavu", au "jua la kukausha koo", au taja vumbi na midomo na uache msomaji aelewe. Na mwambie abebe maji, kwa sababu mtu asiyeona jasho lake hudhani hapotezi maji. Nimeona wasafiri wakishuka garini vichwa vinawauma, wakilaumu barabara.

Uvira ni habari nyingine. Mji umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Ziwa linaipa hewa unyevu, na upepo ukitulia, jasho halikauki. Linabaki mgongoni. Hili ndilo fukuto: joto lenye unyevu na hewa isiyosogea. Fukuto si joto kubwa zaidi ya lile la Sange. Kipimajoto kinaweza kuonyesha namba ileile, au hata ndogo zaidi. Kinachokulemea ni kwamba mwili hauna njia ya kujipoza. Upepo wa kutoka ziwani ukianza kuvuma mchana, fukuto linavunjika, ingawa joto lipo bado. Tena jua la Uvira huzama mapema nyuma ya milima, kivuli kinaingia mjini, na mgeni anategemea nafuu ambayo inachelewa, kwa sababu kuta na mawe bado vinatoa moto vilivyoumeza mchana kutwa.

Sasa tazama sentensi yako ikiandikwa upya: "Bukavu tuliondoka na kibaridi cha asubuhi, vioo vyote vimefungwa. Katikati ya Ngomo kioo cha kwanza kilishuka, na Kamanyola triko zilikuwa zimelala mapajani. Bonde lote hadi Sange lilikuwa na joto kavu. Nilihisi chumvi nilipolamba midomo. Uvira upepo ulikuwa umetulia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo shati lilinigandama mgongoni." Hakuna "kali" hata moja. Hakuna tanuri. Na msomaji akijaribu safari hiyo mwezi wa saba, atakutana na kila ulichomwahidi.

Nyongeza ambayo hukuuliza: bonde lenye joto ndilo lenye mbu wengi na malaria nyingi kuliko milimani. Ukisifu jioni za Uvira usimsahaulishe msomaji chandarua.

Nikiandika "jua kali" na "joto kali" kuna tofauti gani? Si yote ni moto? (Msomaji, Bagira)

Hapana, si yote ni moto, na anayetoka Bagira anapaswa kulijua hili kuliko mimi. Bukavu iko digri 2 na nusu tu kusini ya ikweta, kwa hiyo saa sita za mchana jua linakaribia utosi mwaka mzima. Tena tuko juu, hewa ni nyepesi, na miale inapita bila kuchujwa sana. Ndiyo maana ngozi ya shingo inaungua wakati hewa yenyewe ina digri 23. Ingia chini ya mti: kibaridi kinarudi. Huko ndiko kupima: kama kivuli kinakuponya, lilikuwa jua, kama kivuli hakikusaidii, lilikuwa joto.

Mgeni aliyesoma kwamba Bukavu ni "mji wenye hali ya hewa ya Ulaya" hufika bila kofia na kuondoka akiwa mwekundu. Usemi huo ningeupiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka hayo.

Naweza kuandika "baridi ya barafu" kuhusu mlima Kahuzi? (Msomaji, Goma)

Huwezi. Kahuzi una mita 3,308. Ukiuhesabu kutoka Bukavu umepanda mita 1,800, yaani hewa imepoteza digri 11 au 12. Mji ukiwa na digri 19, kileleni ni kama 7 au 8. Barafu ya kudumu katika nchi yetu ya Kongo ni ya Ruwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Ukiitumia kwa Kahuzi, utamwandikia nini aliyepanda Ruwenzori?

Kinachomtesa mtu Kahuzi si namba. Anapanda akitoka jasho msituni, nguo zinalowa, ukungu unaziongezea maji, kisha anafika mahali wazi penye upepo na kusimama kupiga picha. Hapo baridi inapenya. Digri 8 zikiwa na nguo kavu ni asubuhi ya kawaida ya mlimani. Digri 8 zikiwa na shati lililolowa na upepo, vidole vinaanza kufa ganzi na mtu anashindwa kufunga zipu. Kwa hiyo maneno yako yafuate mambo hayo: "baridi inayopenya", "upepo wa kukata", "nguo zimezizima mwilini". Kuzizima ni neno ambalo tumeliachia maji ya mtungini, na ni hasara, maana lina ile baridi tulivu inayokaa ndani ya kitu na kutotoka.

Na dalili ya hatari ni ipi? Mwenzako akitetemeka, bado mwili unapambana. Akiacha kutetemeka huku anaongea ovyo na anajikwaa, mvue nguo zilizolowa, mfunike na kitu kikavu, umteremshe. Hilo nalo ni la makala ya safari. Mwambie msomaji abebe shati la pili ndani ya mfuko wa plastiki. Litamsaidia kuliko kivumishi chochote.

Uvuguvugu unafaa kwa hali ya hewa? (Msomaji, Kadutu)

Kwa maji ya kuoga. Kwa hewa, andika "joto la wastani", au sema watu walivaa nini.

Huku Lubumbashi mwezi wa sita tunaita kiangazi lakini tunatetemeka. Niandike kiangazi au kipupwe? (Msomaji, Katuba)

Swali zuri, na kwa mara ya kwanza leo nimefurahi. Kiangazi huko kwenu ni majira yasiyo na mvua, na hiyo ni sahihi. Lakini msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam akiona kiangazi, anafikiria jua na joto. Majira yake ya baridi ya mwezi wa sita hadi wa nane anayaita kipupwe. Ukimwandikia "fika Lubumbashi wakati wa kiangazi", atakuja na shati la mikono mifupi, na usiku wa mwezi wa saba huko kwenu huteremka chini ya digri 10. Mbingu hazina wingu, hewa ni kavu, na joto lote la mchana linapotea juu mara jua linapozama.

Tena kiangazi hichohicho kina mwisho wake tofauti kabisa. Mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado zinasubiriwa, mchana unapita digri 30. Majira moja, nguo mbili. Kwa hiyo taja mwezi na saa: "mwezi wa saba, alfajiri, watu wamezunguka mbabula", "mwezi wa kumi, saa nane, hakuna anayetembea upande wa jua". Kipupwe kitumie ukiwa na hakika kwamba wasomaji wako ni wa pwani. Na kaskazi na kusi mwachieni Mswahili wa Lamu na Zanzibar. Ni pepo za bahari yake, hazifiki Katuba.

Si afadhali niweke digri tu kutoka kwenye simu, niache maneno? (Msomaji, Uvira)

Weka digri, lakini ujue unachoweka. Simu haikupima mlangoni kwako. Inakupa makadirio ya eneo zima, na katika milima yetu eneo moja linaweza kubeba bonde na kilele. Tena namba hiyo ni ya hewa ya kivulini. Haisemi lolote juu ya jua wala upepo. Kama unataka namba yako mwenyewe, tundika kipimajoto kivulini, kimo cha kifua, mbali na ukuta na bati, na usikisome ndani ya gari lililoegeshwa.

Kwa hiyo "joto kali" nisiandike kabisa? (Msomaji, Ibanda, tena)

Andika siku utakapokuwa kivulini, bila kazi, na bado huwezi kulala.