Uzito mkavu na uzito wa safari

"Pikipiki moja imeandikwa uzito mkavu kilo 180, nyingine uzito ikiwa tayari kwa safari kilo 198. Ipi nyepesi?"

Ndugu, ya pili. Uzito mkavu hauna petroli, na mara nyingi hauna oili, maji ya rejeta, wakati mwingine hata betri. Kila mtengenezaji huondoa anavyoona. Ongeza mwenyewe. Lita 1 ya petroli ni kama kilo 0.75, hivyo tangi la lita 17 ni karibu kilo 13. Oili kilo 3, maji 2, betri 3: jumla 201.

Kwa magari ya Ulaya angalia zaidi: uzito wa safari huhesabu tangi asilimia 90 na dereva wa kilo 75. Ukipanga mzigo, usimhesabu mara mbili. Ukibaki na shaka, ipandishe kwenye mizani.