Choo cha mtoto kimepauka na macho yana manjano

Swali: Daktari, mwanangu ana wiki 5 na ananyonya maziwa yangu tu. Mwanzoni choo chake kilikuwa cha njano, ila siku 4 hizi kimekuwa kama krimu, karibu na nyeupe. Anapata choo mara moja kwa siku. Weupe wa macho yake bado una manjano kidogo, lakini ananyonya vizuri na uzito unapanda. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mazito, nisubiri. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri, mama. Mpeleke mtoto hospitali leo, ikishindikana kesho asubuhi, na ubebe nepi yenye choo hicho. Mara moja kwa siku si tatizo. Kinachonisumbua mimi ni hiyo rangi ikiwa pamoja na manjano ya macho.

Rangi ya choo haitokani na uzito wa maziwa. Inatoka kwenye ini. Ini hutengeneza nyongo, nayo hushuka kwa mirija midogo hadi utumboni ikiwa na bilirubini, ambayo yenyewe ni ya njano. Nyongo ikifika, choo hupata rangi: njano, kijani au kahawia, kutegemea imekaa utumboni muda gani na bakteria wameigeuza kiasi gani. Utumbo wa mtoto mchanga bado una bakteria wachache wa kuigeuza iwe kahawia, ndiyo maana choo chake huwa njano au kijani. Choo cheupe, cha krimu, cha kijivu au cha rangi ya udongo wa mfinyanzi kinaonyesha kwamba nyongo haifiki. Na isipofika, bilirubini hurudi kwenye damu, macho yakawa ya manjano, nyingine ikatoka na mkojo.

Kwa hiyo angalia na mkojo. Mkojo wa mtoto wa umri huu huwa karibu hauna rangi. Ukiacha doa la njano iliyokolea au la rangi ya chai kwenye nepi, mwambie daktari mara tu unapoingia.

Ugonjwa tunaouogopa hapa ni kuziba kwa mirija ya nyongo, unaoitwa atresia ya mirija ya nyongo. Si ugonjwa wa kawaida, na huenda mtoto wako hana. Ubaya wake ni kwamba unadanganya. Mtoto huzaliwa na uzito mzuri, hunyonya, hunenepa, na choo cha siku za mwanzo kinaweza kuwa na rangi kabisa kabla ya kufifia polepole. Nimeona watoto walioletwa wakiwa na miezi 3 kwa sababu kila aliyewatazama aliona mashavu, hakuna aliyefungua nepi. Muda huo wote nyongo iliyokwama ilikuwa ikiharibu ini.

Haraka hiyo ina sababu. Tiba yake ni upasuaji unaoitwa Kasai, kwa jina la daktari Mjapani aliyeubuni: mirija iliyoziba huondolewa, na kipande cha utumbo huunganishwa moja kwa moja na ini ili nyongo ipate njia. Matokeo huwa bora zaidi ukifanyika kabla ya siku 60 za maisha, na kila wiki inayopotea hupunguza nafasi. Mtoto wako ana siku 35 hivi. Vipimo na kumpata daktari bingwa vinakula siku pia, kwa hiyo ile "tusubiri mwezi" ingemaliza muda wote uliobaki.

Ukifika, omba damu ipimwe bilirubini ya aina mbili: ya jumla na ile ya moja kwa moja, yaani ambayo ini limeshaishughulikia. Namba ya jumla peke yake haitoshi. Watoto wengi wanaonyonya hubaki na manjano kwa wiki kadhaa bila ugonjwa, ila kwao ile ya moja kwa moja huwa chini na choo kina rangi nzuri. Ya moja kwa moja ikizidi miligramu 1 kwa desilita moja ya damu, tunatafuta sababu siku hiyohiyo. Hufuata kipimo cha ultrasaundi cha tumbo, na mara nyingi utaombwa usimnyonyeshe kwa saa chache kabla yake ili kifuko cha nyongo kijae kionekane. Ultrasaundi ikitoka safi huku choo bado ni cheupe, usikubali kurudishwa nyumbani bila mpango, maana kipimo hicho hakiwezi kuuondoa ugonjwa huu peke yake. Waulize pia kuhusu vitamini K. Nyongo isipofika utumboni, vitamini hiyo haifyonzwi vizuri na mtoto huweza kutokwa damu kirahisi. Ukiona michubuko isiyo na sababu, au damu puani au kitovuni, usingoje asubuhi.

Angalia choo kwenye mwanga wa mchana, kwani taa ya njano ya chumbani hukipaka rangi kisicho nayo. Piga picha ya kila nepi kuanzia sasa. Na endelea kumnyonyesha, maziwa yako hayana kosa.

Sasa nikuambie cha kawaida, ili usije ukaogopa kila nepi. Choo cha siku 2 au 3 za kwanza ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami. Wengi hukitoa ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo, mtoto akaguliwe. Kisha huwa kijani, na kufikia siku ya 5 huwa njano kama haradali, laini, chenye punje. Cha anayetumia maziwa ya kopo ni kizito na kimekolea rangi kidogo zaidi. Kijani, hata kikiwa kijani kibichi, hakinitishi kwa mtoto mchangamfu. Ni nyongo iliyopita haraka. Akianza kula miezi 6, choo kitakuwa kahawia na kitachukua rangi za alichokula.

Idadi huwachanganya watu zaidi. Mwezi wa kwanza, anayenyonya hupata choo mara 3 au zaidi kwa siku, wengine kila wanaponyonya. Akipata kidogo mno katika wiki hizo, kwanza tunamweka kwenye mizani kuona kama maziwa yanamtosha. Wako uzito unapanda, na kuanzia wiki ya 6 hivi anaweza kukaa hata siku 7 bila choo. Kikitoka laini na tumbo halijavimba, huko si kufunga choo.

Rangi mbili zaidi hazingoji. Nyeusi kama lami baada ya wiki ya kwanza inaweza kuwa damu iliyotoka juu tumboni, isipokuwa mtoto anapewa dawa ya madini ya chuma. Anayenyonya chuchu iliyopasuka pia humeza damu ya mama, lakini hilo liamuliwe na aliyemkagua mtoto. Nyekundu ina sababu nyingi, kuanzia mchubuko mdogo wa njia ya haja na mzio wa maziwa ya ng'ombe, hadi hatari kubwa: utumbo kuingia ndani ya utumbo. Mtoto mwenye hali hiyo ya mwisho hulia kwa vipindi huku akikunja miguu, hupauka, hutapika, kisha hutoa choo kama jeli nyekundu. Kwa huyo, dakika zinahesabiwa.