Kabla hujaandika "tuongezeeni limiti"

Juzi nilionyeshwa barua pepe ambayo kijana wetu mmoja hapa Mbeya alikuwa karibu kuituma kwa kampuni inayotupitishia malipo ya simu. Ilikuwa na mistari miwili: "Habari. API yenu inatukatalia. Naomba mtuongezee limiti haraka, wateja wanasubiri." Nilimwomba asiitume, nikakaa naye mpaka jioni. Ni wa tatu mwaka huu. Barua kama hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe na ninajua ilikonifikisha. Kwa hiyo wadogo zangu, naandika haya mara moja ili msome wote.

1. Hesabu kwanza, barua baadaye.

Nilikuwa kwenye duka la pembejeo pale Uyole. Mkulima anaagiza mbolea, analipa kwa simu, na mtunza stoo anatoa mzigo skrini ikishaonyesha kuwa malipo yamepita. Skripti yangu ilichukua kila agizo ambalo halijalipwa na kuuliza hali yake kila sekunde 5. Agizo moja ni maombi 12 kwa dakika. Maagizo 10 ni 120, na 120 kwa dakika ndiyo ilikuwa limiti yetu. Agizo la 11 likiingia tu, tunaanza kupokea 429, yaani jibu la kukataliwa kwa sababu umeuliza mno. Hesabu hiyo inaisha kwa dakika moja, tena bila kikokotoo, lakini sikuifanya. Niliandika barua.

Wale jamaa walikuwa waungwana, wakatupandisha hadi 300. Nikashukuru, nikasahau. Ukweli ni kwamba sikuwa nimetatua kitu. Nilikuwa nimesogeza ukuta kutoka agizo la 10 hadi la 25.

Mvua za Novemba zikaanza, watu wakaja kuchukua mbolea ya kupandia. Asubuhi moja maagizo yaliyokuwa yanasubiri yalipita 30. Hapo ndipo kosa la pili lilipojitokeza, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza: skripti yangu ikipata 429 ilikuwa inauliza tena papo hapo, bila kusubiri hata sekunde. Jibu la 429 limewekwa rasmi kwenye RFC 6585 tangu 2012, na mara nyingi linakuja na kichwa kinachokwambia usubiri muda gani:

```
HTTP/1.1 429 Too Many Requests
Retry-After: 60
```

Sisi tuliambiwa tusubiri sekunde 60, tukawa tunabisha hodi mara kadhaa kwa sekunde. Kampuni ile ilikuwa inahesabu hata maombi iliyoyakataa, kwa hiyo dirisha letu halikufunguka tena. Baada ya muda mfupi mfumo wao ukafunga ufunguo wetu wa API kabisa.

Mzee mmoja alikuwa ametoka Isyonje tangu alfajiri kufuata mifuko minne ya DAP. Alikuwa amelipa. Alinyoosha simu yake juu ya kaunta, meseji ya makato ikionekana wazi, salio jipya na namba ya muamala. Mtunza stoo aligeuza skrini yake upande wa mzee ili naye aone: `PENDING`. "Baba, mfumo unasema hela haijafika." Mzee akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, imekwenda wapi?" Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na nilijua imekwenda wapi. Ilikuwa imefika. Ni sisi tuliokuwa hatuwezi tena kuuliza. Alikaa juu ya gunia saa mbili na zaidi, gari alilokubaliana nalo likaondoka bila yeye. Aibu ya siku ile ninayo hadi leo, na ndiyo sababu nakuwa mkali nikiona mistari miwili ya "tuongezeeni limiti".

2. Peleka namba, si kilio.

Jioni ile nilifungua logi. Siku moja kabla tulikuwa tumetuma maombi 41,000, na maagizo yaliyobadilika hali yalikuwa 212. Yaani tuliuliza takriban mara 193 ili kupata habari moja mpya. Mengi yalitokana na maagizo ambayo mteja aliyaacha bila kuweka namba ya siri, sisi tukaendelea kuyauliza hadi yakaisha muda baada ya nusu saa. Anayeipokea barua yako ni mhandisi mwenye seva za kulinda. Namba hizo mbili zinamweleza shida nzima, na zinamwonyesha kuwa yeye pia atapata nafuu.

Kisha rekebisha upande wako kabla ya kuomba. Tulianza kuheshimu `Retry-After`, na nafasi kati ya swali na swali ikawa inapanuka: sekunde 5, 10, 20, 40, mwisho dakika 2, pamoja na sekunde chache za bahati nasibu ili maagizo yote yasiulize kwa pamoja. Ndipo tukaandika hivi:

> Tunatumia API yenu kuthibitisha malipo ya wakulima dukani. Jana tulituma maombi 41,000 kupata mabadiliko 212. Skripti yetu haikuheshimu `Retry-After`. Kosa ni letu na tumelirekebisha leo. Tunaomba ufunguo ufunguliwe.
>
> Ombi letu kuu ni webhuku: mtutumie taarifa malipo yanapokubaliwa, yanapokataliwa au yanapoisha muda. Anwani yetu ya HTTPS iko tayari. Tunaomba kujua mnasaini vipi taarifa hizo, na mnarudia mara ngapi tusipojibu.
>
> Kama webhuku haiwezekani, tunaomba njia ya kuuliza mabadiliko yote tangu saa fulani kwa ombi moja. Ikishindikana pia, tunaomba limiti ya 600 kwa dakika, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, Novemba hadi Januari tu.

Angalia mpangilio. Limiti iko mwisho, ina kiwango, saa na miezi. Kuongezewa limiti ni rahisi kwako na ghali kwao, maana wanabeba mzigo wa maswali yasiyo na majibu mapya. Ukiitanguliza watakupa hiyo au watakunyima, na mazungumzo yataishia hapo. Kukiri kosa nako kusikuogopeshe. Wana logi zao, wameshaliona.

3. Webhuku ikija, usizime maswali yote.

Pokea taarifa, hakiki saini kwenye mwili ule ule uliofika kabla hujaugusa, iandike kwenye hifadhidata, jibu `200`, ndipo ufanye kazi nyingine. Taarifa moja inaweza kufika mara mbili, kwa hiyo namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye jedwali, la sivyo mkulima mmoja atatolewa mzigo mara mbili.

Walitujibu siku ya nne. Walifungua ufunguo, wakatupa siri ya kusainia, wakaeleza kuwa wanarudia mara 5 ndani ya saa moja, kisha wanaacha. Chini kabisa mhandisi wao aliuliza: umeme ukikatika kwenu zaidi ya saa moja, mtajuaje yaliyopita? Lilikuwa swali zuri, na mwezi ule umeme wa Uyole ulikuwa unakatika kweli. Tulimjibu kwamba agizo lolote lililokaa zaidi ya dakika 10 bila taarifa tutaliuliza sisi wenyewe, mara moja kila dakika 15 hadi lipate jibu la mwisho. Akaandika, "Hiyo sawa, limiti ya 120 itawatosha." Imetutosha misimu yote iliyofuata.