Barua kwa mwanangu: jina la kikundi chenu

"Shikamoo Mama. Vijana wa msikitini tumekubaliana kuanzisha kikundi cha kupeleka chakula kwa wagonjwa wa hospitali ya Maweni hapa Kigoma kila Ijumaa. Wengine wanataka kiitwe Shababu Rahmani, wengine Mfuko wa Zaka wa Vijana, na wengine wanasema tuweke jina la Kiswahili tu. Tuchague vipi jina lenye heshima kwa dini yetu, na asiye Mwislamu naye akilisikia ajue tunafanya nini?"

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kuona mmeuliza kabla ya kwenda kuchapisha fulana.

Nianze na hilo Rahmani. Ni jina la Mwenyezi Mungu peke yake. Ndiyo maana mtu huitwa Abdulrahmani, mja wa Rahmani, wala haitwi Rahmani mtupu. Kikundi cha watu nacho kisijivike jina hilo. Rahma ni jambo jingine: ni rehema, na watu wanaweza kuifanya na kuitwa kwayo. Mabinti wangapi hapa Ujiji wanaitwa Rahma, na hakuna anayeshtuka.

Tena fikirini jina litakaa wapi. Litakuwa kwenye mgongo wa fulana, kwenye mifuko ya chakula, kwenye stakabadhi ambazo watu watazikunja na kuzitupa. Fulana ikichakaa inageuka dekio, hilo kila nyumba inalijua. Jina la Mola wetu au neno la aya lisiende kufuta sakafu ya choo, na mfuko ulioandikwa Bismillahi usikanyagwe pale getini. Kwa hiyo hata kama jina lenyewe ni zuri, jiulizeni kama mko radhi kulikuta limelala matopeni. Rahma kwa herufi za kawaida nitaridhika nalo. Majina ya Mola kwa herufi za Kiarabu yaacheni ukutani msikitini.

Neno Shababu kwa asili halina kosa, lina maana ya vijana tu. Lakini mnajua kundi la Somalia limelichukua, na tangu mashambulizi yaanze Cabo Delgado kule Msumbiji mwaka 2017, wenyeji wa huko wanawaita washambuliaji kwa jina hilohilo. Mkienda benki kufungua akaunti, au mkisimama getini hospitalini na masufuria, mtaanza kujieleza kabla ya kupakua. "Vijana" inatosha, na kila mtu anaielewa.

Sasa hili la zaka ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana linagusa fedha za watu. Mtu akisoma Mfuko wa Zaka atawaletea zaka yake, na zaka ina wenyewe: Qur'ani, sura ya Tawba aya ya 60, imetaja makundi manane. Shilingi iliyotoka kwa nia ya zaka hamwezi kuinunulia fulana zenu wala mafuta ya pikipiki ya kubeba masufuria. Na wanazuoni walio wengi wanasema asiye Mwislamu hapewi zaka, ukiwaacha wanaotiwa nguvu nyoyo zao ili waelekee Uislamu. Ninyi wodini mtagawa kitanda kwa kitanda. Pale kuna wazee wa Buhigwe na Kasulu ambao ni Wakatoliki, kuna wapentekoste, na kuna mwenye ng'ombe zake nyumbani ila leo ndugu hawajafika na ana njaa. Huyo wa ng'ombe si fukara, lakini sahani anaihitaji. Mkijiita Mfuko wa Zaka, kila sahani ya namna hiyo itakuwa deni shingoni mwa mweka hazina. Sadaka ni pana, humfikia yeyote. Basi zaka isiwemo kwenye jina, na akija mtu na zaka mwelekezeni kwa imamu, au muiweke kando na daftari lake.

Kuna aliyependekeza neno yatima au maskini? Kama yupo, mkatalieni kwa upole. Mgonjwa anayepokea mfuko ulioandikwa "maskini" anavuliwa nguo mbele ya jirani wa kitandani.

Upande wa mtu wa nje, nimewaona wakinamama wa vijijini wakiletewa chakula na watu wasiowafahamu. Hawagusi kwanza. Wanamtazama aliyeleta, kisha wanamuuliza muuguzi kwa sauti ya chini, "Wametoka wapi hawa?" Hofu yao ni kwamba baada ya wali kutakuja mawaidha. Msijaribu kuiondoa hofu hiyo kwa kuficha Uislamu wenu, maana wakija kugundua baadaye watasema mlikuwa na jambo. Jina liseme wazi ninyi ni nani, na papo hapo liseme mnaleta nini. Tena mnayo hoja: sura ya Insan, aya ya 8 na ya 9, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka bila kutaka malipo wala shukrani. Mateka hakuwa lazima awe Mwislamu.

Rahma peke yake haitoshi. Asiyewajua atadhani ni saluni au duka la vitambaa. "Huduma kwa Wagonjwa" nayo itawaponza, watu watawaletea mtoto mwenye homa wakidhani mna zahanati. Semeni chakula. Na msiandike "Wagonjwa Wote", kwa sababu masufuria yenu mawili hayafikii hospitali nzima. Maneno "hatuulizi dini" yawekeni kwenye bango, chini ya jina. Neno Maweni pia liacheni. Ni jina la hospitali, na mkilibeba mtaonekana ni kitengo chake.

Mimi ningeandika hivi: Rahma Chakula kwa Wagonjwa, Vijana wa Kiislamu Ujiji. Nimeanza na Rahma kwa sababu ndilo watu watakaloita mdomoni. Kazi nimeiweka ya pili, ili hata likikatwa katikati kwenye kibao au kwenye simu ya anayewatumia fedha, bado aone ni chakula. Wahusika na mahali vimekuja mwisho, navyo vinawatenga na Rahma nyingine yoyote ya mjini.

Kabla hamjakubaliana, lijaribuni. Mtamkieni dereva wa bodaboda pale Mwanga, muuguzi Mkristo, na bibi mmoja anayezungumza Kiha zaidi ya Kiswahili. Msieleze kitu, ulizeni tu: "Hawa wanafanya nini?" Wawili wakijibu "wanafundisha dini", rudini mezani. Na imamu pamoja na kamati ya msikiti walisikie mapema, si siku ya uzinduzi.

Likishapita, lipelekeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, pamoja na katiba na muhtasari wa kikao uliosainiwa, awaelekeze usajili wa kikundi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Angalieni msianze jina na "Jumuiya ya Kiislamu". Litasomeka kama taasisi ya dini, na taasisi za dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Hiyo ni safari nyingine kabisa kwa vijana wenye masufuria mawili.

Mhuri, fulana na bango vingoje cheti kitoke. Jina la kwenye cheti liwe ndilo la akaunti, herufi kwa herufi, na nakala mpeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ili walinzi wa getini wapewe taarifa. Niandikie kamati ikisema neno.

Mama yako